Ripoti ya Maonyesho ya Vitabu Shuleni: Kila Pendekezo Lionyeshe Lilikotoka

Swali lenyewe huja hivi: shule yenu iliandaa maonyesho ya vitabu, na wewe ndiwe katibu wa kamati iliyoteuliwa kuyatathmini, andika ripoti. Mwanafunzi wa kidato cha nne ana takriban dakika 50 za kulijibu, maana Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE hudumu saa moja na dakika 45, na ndani yake mna insha mbili. Insha ya kwanza, ile ya kiuamilifu, ni ya lazima. Hakuna pa kuikwepea.

Wengi hulipokea swali hili kwa furaha kwa sababu maonyesho ya vitabu wameyaona kwa macho yao. Basi kalamu inashika njia: siku iliyosubiriwa kwa hamu na ghamu iliwadia, jua lilichomoza, mahema yalisimama wima uwanjani, wageni wakamiminika, mgeni wa heshima akahutubu, watu wakala, wakanywa, wakaenda zao. Ukurasa mmoja na nusu umejaa na hakuna ripoti hata kidogo. Hayo ni masimulizi, tena masimulizi ya kuchosha.

Mwalimu mkuu aliyeunda kamati hakutaka kusimuliwa. Huenda hata alikuwapo. Anachotaka kujua ni kama maonyesho yarudiwe mwakani, na kama yatarudiwa, kitu gani kibadilishwe na nani akibadilishe. Ukilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu kila sehemu ya ripoti imewekwa ili kumsaidia mtu anayetaka kuamua jambo.

Sura, bila kuzunguka

Ripoti huanza kwa kichwa kinachotaja jambo, mahali na wakati. Kisha utangulizi wenye hadidu za rejea, njia za kukusanya habari, matokeo, hitimisho, mapendekezo, na mwishoni sahihi, jina, cheo cha mwandishi na tarehe. Walimu hutofautiana kidogo kuhusu majina ya vichwa hivi: wengine husema "mbinu za utafiti", wengine "utaratibu", wengine hutanguliza mapendekezo na kufunga kwa hitimisho. Fuata mtindo uliofundishwa na ushikamane nao mpaka mwisho. Kinachoponza watu ni kukosa sura kabisa. Mtahini amezoea kuondoa hadi alama 4 za sura kutoka kwenye 20, na hizo ni alama ambazo mwanafunzi wa wastani hawezi kuzirudisha kwa ufasaha wa lugha.

Kosa jingine la sura ni kuichanganya ripoti na kumbukumbu za mkutano. Utamwona mtu anaorodhesha waliohudhuria, waliotuma udhuru na yaliyotokana na mkutano uliopita, kisha anawaachia mwenyekiti na katibu nafasi za sahihi. Kamati yaweza kuwa ilikutana mara nyingi, lakini mikutano yake haimhusu msomaji. Majina ya wanakamati, yakihitajika, huingia katika utangulizi kwa sentensi moja.

Hadidu za rejea ndizo mzizi

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuufuate hadi mwisho. Shule ya kutwa ya mseto yenye wanafunzi 600 iliandaa maonyesho ya vitabu katika bwalo lake, Ijumaa na Jumamosi, tarehe 7 na 8 Julai 2023. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, kwa hivyo Chama cha Kiswahili kilikuwa na sababu nzuri ya kuichagua. Baada ya maonyesho, mwalimu mkuu aliteua kamati na kuipa kazi tatu: kuchunguza mahudhurio yalikuwaje, kubaini vitabu vya aina gani vilinunuliwa na kwa nini wengine hawakununua, na kupendekeza hatua za kuboresha maonyesho ya mwaka unaofuata.

Hizo kazi tatu ndizo hadidu za rejea. Mwanafunzi akizinakili katika utangulizi kisha akazisahau, ripoti itamponyoka. Zinatakiwa zirudi kwa mpangilio uleule katika matokeo. Msomaji aliyeona mahudhurio yametajwa kwanza anatazamia kuyakuta kwanza tena. Na jambo lisiloingia katika hadidu, hata likiwa tamu namna gani, halina nafasi. Hotuba ya mgeni wa heshima ni mfano mzuri. Hakuna aliyeiuliza kamati kuhusu hotuba.

Utangulizi wetu ungesomeka hivi:

"Kufuatia maonyesho ya vitabu yaliyofanyika shuleni tarehe 7 na 8 Julai 2023, mwalimu mkuu aliteua kamati ya watu watano kuyatathmini. Kamati ilitakiwa: (i) kuchunguza mahudhurio, (ii) kubaini aina ya vitabu vilivyonunuliwa na sababu za baadhi ya wanafunzi kutonunua, (iii) kupendekeza hatua za kuboresha maonyesho yajayo."

Maneno hayafiki 50, lakini aliyetoa kazi, waliopewa na mipaka yake vyote vimo.

Habari zilitoka wapi?

Sehemu ya njia za kukusanya habari hupuuzwa kwa kuwa inaonekana kavu. Mwanafunzi huandika "tulitumia hojaji, mahojiano na uchunzaji" na kusonga mbele, na maneno hayo matatu yangefaa hata kwa ripoti ya ajali barabarani. Taja vitu vyenyewe. Katika maonyesho ya vitabu kuna rejista ya wageni mlangoni. Kuna daftari la mauzo la kila muuzaji, au nakala za stakabadhi. Kuna barua iliyotumwa kwa wazazi, yenye tarehe juu yake. Kuna wanafunzi wanaotoka mlangoni mikono mitupu, ambao unaweza kuwasimamisha na kuwauliza swali moja tu: mbona hukununua?

Kamati yetu ilipitia rejista, ikajumlisha madaftari ya mauzo ya wauzaji wote, ikawahoji wanafunzi 40 waliotoka bila kununua, na wanakamati wawili wakasimama ndani ya bwalo kutazama yanayotendeka mezani. Kila njia kati ya hizi ina jambo inaloweza kusema na jambo isiloweza. Rejista haijui aliyepenya bila kutia sahihi. Daftari la mauzo linajua kilichouzwa, halijui kilichotamaniwa. Wanafunzi 40 si wanafunzi 600. Mwandishi anayeyakumbuka haya hatathubutu kuandika kwamba "wanafunzi wengi wa shule hii hawapendi kusoma", kwa maana hakuna karatasi hata moja mkononi mwake inayosema hivyo.

Matokeo: hapa ndipo penye kazi

Rejista ilionyesha sahihi 412: Ijumaa 331, Jumamosi 81. Mwandishi mwenye haraka ataishia hapo na kuandika kwamba siku ya pili ilifeli, kisha baadaye apendekeze maonyesho yawe ya siku moja. Inaonekana ni akili timamu. Mwalimu mkuu atalikubali pendekezo hilo kwa urahisi, maana litampunguzia gharama ya walinzi.

Lakini tufungue madaftari ya mauzo. Vitabu 186 viliuzwa kwa siku mbili. Ijumaa, siku ya watu 331, viliuzwa 89. Jumamosi, siku ya watu 81, viliuzwa 97. Siku iliyoonekana tupu ndiyo iliyouza zaidi. Kwa nini? Turudi kwenye rejista, safari hii tukiangalia safu ya "mzazi/mwanafunzi" ambayo mwandishi wa haraka aliiruka. Kati ya wale 81 wa Jumamosi, 46 walikuwa wazazi. Ijumaa bwalo lilijaa wanafunzi walioletwa darasa kwa darasa na walimu wao, wakazunguka, wakapekua, wakarudi darasani. Jumamosi walikuja wachache, ila walikuja na mfuko.

Hayo ndiyo matokeo. Kila takwimu peke yake ingepotosha; zikikaa pamoja zinaeleza jambo ambalo hata waliokuwapo hawakuliona, kwa sababu aliyesimama bwaloni siku ya Ijumaa aliona umati na kudhani biashara imenoga. Katika ripoti yangeandikwa hivi:

"Rejista ilionyesha watu 331 siku ya Ijumaa na 81 siku ya Jumamosi. Hata hivyo, vitabu 97 kati ya 186 viliuzwa Jumamosi. Kati ya waliohudhuria siku hiyo, 46 walikuwa wazazi."

Tazama kilichoachwa. Hakuna "cha kushangaza ni kwamba", wala "wazazi wetu wanaithamini elimu ya watoto wao". Matokeo hayatoi sifa wala lawama. Yanasema kilichoonekana na mahali kilipoonekana.

Jambo la pili ni aina ya vitabu. Kati ya 186, vitabu vya marudio vilikuwa 129, hadithi na riwaya 38, kamusi 19. Hapa pana mtego wa sababu. Mwandishi anajua kwamba tangu mwaka 2018 serikali ya Kenya imekuwa ikisambaza vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, na huenda akaandika kwamba wazazi walikimbilia vya marudio kwa sababu vya kiada tayari wamepewa. Huenda ni kweli. Ila kamati haikumwuliza mzazi hata mmoja jambo hilo, kwa hivyo sababu hiyo haina kiti katika matokeo. Andika idadi, nyamaza kuhusu sababu. Ukitaka kutaja sababu, mwakani mwulize mzazi.

Sababu ambazo kamati ilizitafuta ni za wale wasionunua. Kati ya wanafunzi 40 waliohojiwa, 23 walisema hawakuwa na pesa siku hiyo kwa kuwa wazazi walipata habari wakiwa wamechelewa. 11 hawakupata kitabu walichokitaka. 6 hawakujua bei. Kauli ya wale 23 inaweza kuthibitishwa, na mwandishi mzuri huithibitisha: barua kwa wazazi ina tarehe 5 Julai, siku mbili tu kabla ya maonyesho. Sasa neno la mwanafunzi limeungwa mkono na hati. Mtu hawezi kusema watoto wanajitetea.

Ama wale 6 wa bei, idadi yao ni ndogo na mtu angeweza kuwapuuza. Hapo ndipo wanakamati waliosimama bwaloni wanapofaa. Waliona jambo likijirudia kwenye meza za riwaya: mwanafunzi anainua kitabu, anakigeuza nyuma, haoni bei. Anamtazama muuzaji. Muuzaji ameshikwa na wateja watatu. Mwanafunzi anakirudisha kitabu polepole, anakisawazisha kwenye rundo lake, anaenda meza nyingine. Kwenye meza za vitabu vya marudio hali ilikuwa tofauti, maana wauzaji walibandika bei kwenye kadi kubwa. Katika ripoti hili ni sentensi moja: "Meza za hadithi na riwaya hazikuwa na bei zilizobandikwa, na wanakamati walishuhudia wanafunzi wakirudisha vitabu kwa kukosa wa kuwajibu." Usiende mbali zaidi na kudai kwamba riwaya ziliuzwa 38 tu kwa sababu ya bei kutobandikwa. Umeona mambo mawili yakikaa jirani. Hujaona moja likilizaa jingine.

Kwa wanaofanya mtihani, kumbuka kwamba takwimu za kubuni zinakubalika, ila lazima zijumlike. Mtahini akisoma kwamba waliohojiwa ni 40, kisha sababu zao zikifika 47, atajua kamati yako haikukutana. Chagua namba ndogo unazoweza kuzijumlisha kichwani, uziandike pembeni kabla ya kuanza, na uzitumie hizohizo hadi mwisho. Namba tano au sita zinatosha. Nimeona insha zenye asilimia katika kila sentensi, na hazisomeki.

Hitimisho ni fupi

Sentensi mbili au tatu, zinazojibu hadidu kwa ujumla. "Maonyesho yaliwavutia wanafunzi wengi, lakini vitabu vingi zaidi viliuzwa Jumamosi, siku ambayo wengi wa waliofika walikuwa wazazi. Kuchelewa kwa barua na kutobandikwa kwa bei kuliwazuia baadhi ya wanafunzi kununua." Yametosha. Usilete takwimu mpya hapa, wala usianze kupendekeza.

Mapendekezo: nani, nini, lini

Chukua kalamu ya rangi nyingine. Kando ya kila pendekezo andika namba ya tokeo lililolizaa. Pendekezo lisilopata namba halikutoka katika uchunguzi. Lilitoka kichwani mwako kabla hujafika bwaloni.

Mapendekezo ya wanafunzi wengi hufanana hata maonyesho yakitofautiana: serikali ipunguze bei ya vitabu, wazazi wahimizwe kuwanunulia watoto wao vitabu, wanafunzi wajenge utamaduni wa kusoma. Tulichunguze la kwanza, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Vitabu nchini Kenya hutozwa kodi ya VAT ya asilimia 16, na jambo hilo limelalamikiwa na wachapishaji tangu sheria ya mwaka 2013. Lakini ripoti hii inaenda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu hawezi kuigusa VAT. Akiisoma hoja hiyo hana la kufanya ila kutikisa kichwa na kugeuza ukurasa. Pendekezo humwendea mtu mwenye uwezo wa kulitekeleza, na ukimkosa mtu huyo ndani ya uzio wa shule, basi pendekezo hilo ni la makala ya gazeti.

La pili na la tatu yana kasoro nyingine: hakuna anayeweza kusema mwakani kama yalitekelezwa au la. Wazazi wahimizwe na nani, kwa njia gani, kabla ya tarehe ipi?

Sasa tuyatazame yaliyotokana na matokeo yetu.

"(i) Maonyesho yaendelee kuwa ya siku mbili, na mkutano wa wazazi wa muhula wa pili uandaliwe Jumamosi hiyohiyo." Hili limetoka kwa wale wazazi 46. Linamwambia mwalimu mkuu asifute siku aliyodhani ni hasara, na linatumia mkutano ambao ungefanyika hata hivyo, bila gharama mpya.

"(ii) Katibu wa Chama cha Kiswahili atayarishe barua kwa wazazi, nayo itumwe wiki tatu kabla ya maonyesho ikiwa na orodha ya vitabu na bei zake." Hili limetoka kwa wale 23 na ile tarehe ya barua. Wiki tatu zinamfikisha mzazi anayelipwa mwisho wa mwezi kwenye mshahara, au karibu nao. Na ile orodha inawasaidia pia wale 11 waliokosa vitabu vyao, kwa sababu mzazi anaweza kurudisha jina la kitabu asichokiona katika orodha, na muuzaji akaarifiwa mapema.

"(iii) Kila muuzaji atakayepewa meza atakiwe kubandika bei za vitabu vyote kabla ya milango kufunguliwa; kamati ya maandalizi ikague." Hapa kuna nani, nini na lini, tena pana mkaguzi. Mwakani mtu akiuliza kama lilifanyika, jibu ni ndiyo au hapana.

Matatu yanatosha. Mwanafunzi anayeandika mapendekezo tisa huwa amepungukiwa na matokeo, anajaribu kujaza pengo. Kwa insha ya maneno 400 ningegawa hivi: utangulizi na njia za kukusanya habari maneno 120, matokeo 160, hitimisho 30, mapendekezo 90. Matokeo yakipungua kuliko mapendekezo, insha imeinamia upande mmoja.

Lugha yenyewe

Matokeo huandikwa katika wakati uliopita na nafsi ya tatu: kamati ilibaini, ilidhihirika, rejista ilionyesha. Mapendekezo huchukua kitenzi cha kutaka jambo litendwe: itumwe, ibandikwe, uandaliwe. Ukijikuta unaandika "ingekuwa vyema kama pengine barua zingetumwa mapema", umeomba msamaha mahali pa kupendekeza. Methali na tashbihi ziache kwa insha ya pili. Kitabu ni taa, elimu ni bahari: hayo yote ni kweli na hayamsaidii mwalimu mkuu kupanga tarehe.

Katibu halisi wa chama shuleni, ambaye hafanyi mtihani, ana jambo moja zaidi la kuangalia. Rejista ya kawaida haina safu ya "mzazi/mwanafunzi", na bila safu hiyo tokeo muhimu kuliko yote katika mfano wetu lisingejulikana. Kwa hivyo ripoti ya mwakani huanza kuandaliwa siku ile unapochora mistari ya rejista: jina, siku, mzazi au mwanafunzi, kidato. Wauzaji nao waelezwe mapema kwamba madaftari yao yatenganishe riwaya, vitabu vya marudio na kamusi, na mauzo ya kila siku. Ukiwaomba baada ya maonyesho, watakupa jumla ya shilingi peke yake, na kwa jumla hiyo huwezi kujua hata kilichouzwa Jumamosi.

Weka nakala moja ya ripoti iliyotiwa sahihi katika faili la chama, kwa sababu mwakani katibu atakuwa mwingine, na yeye ndiye atakayehitaji kujua kama bei zilibandikwa.